Kuiweka simu iandike Kiswahili na Kinyakyusa bila kukusahihisha

Mama yangu mdogo anakaa Tukuyu. Siku moja alituma meseji kwenye grupu la ukoo kumshukuru binamu yangu aliyemrushia nauli. Aliandika "ndaga fijo", yaani asante sana. Kilichofika kwetu ni "ndaga figo". Ndani ya nusu saa watu watatu walishampigia kuuliza nani anaumwa figo, na mmoja alishaanza kutaja habari za mchango.

Jumamosi iliyofuata akashuka hadi dukani kwangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, akaiweka simu kwenye kaunta. "Mwanangu, hii simu ina kiburi. Naandika changu, yenyewe inaandika chake."

"Shikamoo mama. Haina kiburi, haijui tu kama unaongea Kinyakyusa."

"Marahaba. Basi mfundishe."

Nitaeleza nilivyoifundisha, hatua kwa hatua, kwa sababu simu za namna hiyo huletwa kwangu karibu kila wiki: za Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe waliohamia huku, na Wasangu wa Mbarali. Tatizo huwa ni lile lile. Mtu anafikiri simu ina lugha moja, kumbe ina tatu, na kila moja hupangwa mahali pake. Ipo lugha ya kioo, yaani ya menyu na maandishi unayoyaona. Ipo lugha ya kidole, ambayo ni ya kibodi. Na ipo lugha ya sikio, ile ambayo maikrofoni hutumia kusikiliza. Ukibadilisha ya kioo ukategemea kibodi na maikrofoni vifuate, utahangaika mpaka usiku.

Maelezo haya ni ya simu za Android zenye kibodi ya Gboard, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu huku. Kama simu yako ilikuja na kibodi nyingine, Gboard inapakuliwa bure Play Store. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyosomeka simu ikiwa bado kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo nyingi zinavyotoka kwenye boksi. Ukishaigeuza kuwa Kiswahili, tafuta jina la Kiswahili lenye maana hiyo hiyo. Menyu hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung na nyingine. Usipoona jina ninalolitaja, fungua Settings uandike neno `language` kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu.

## Kwanza kioo

Fungua Settings, kisha System, kisha Languages. Kwenye Samsung ni General management, kisha Language. Bonyeza Add a language, chagua Kiswahili, halafu Tanzania. Baada ya hapo buruta Kiswahili kwa kidole mpaka kikae namba moja kwenye orodha. Kiingereza kiache namba mbili, usikifute.

Mpangilio wa orodha hiyo una maana yake. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu husoma lugha zako kwa zamu. Programu isiyo na Kiswahili hushuka kwenye lugha ya pili, na isipoipata hiyo hushuka tena. Ndiyo maana simu iliyowekwa Kiswahili bado inaweza kukuonyesha programu fulani kwa Kiingereza. Haijaharibika.

Watu wa Mbarali na Njombe wana jambo lao hapa. Kwenye simu nyingi orodha hiyo ina *Ishisangu* na *Hibena*. Kijana mmoja wa Rujewa alipoiona Ishisangu alishangilia, akaiweka ya kwanza, akarudi baada ya siku mbili analalamika kwamba simu imebaki Kiingereza. Hakukosea kuchagua. Lugha hizo zimeingizwa majina ya siku, miezi na mambo machache ya namna hiyo, lakini menyu zenyewe hazijatafsiriwa. Ukichagua Ishisangu, kalenda inaweza kukuandikia Januari kuwa *Mupalangulwa*, huku Settings ikibaki Settings. Kama unaipenda hivyo, iweke ya kwanza, Kiswahili cha pili, Kiingereza cha tatu. Ukisahau kuweka Kiswahili katikati, kila kitu kitashuka moja kwa moja hadi Kiingereza, na hicho ndicho kilichompata yule kijana.

Kuanzia Android 13 unaweza pia kuipa kila programu lugha yake, kupitia App languages iliyo palepale kwenye menyu ya lugha. Hiyo inawafaa wanaotaka WhatsApp iwe Kiswahili lakini mambo ya ofisini yabaki Kiingereza. Mama mdogo hakuhitaji hayo.

Kabla hujabadilisha kioo cha mtu mzima, mwonyeshe alama ya gia ya Settings, na umwambie lugha imo ndani ya menyu ipi. Siku akibonyeza vibaya akajikuta kwenye lugha asiyoisoma, atarudi kwa kufuata picha.

## Kidole: hapa ndipo penye kazi

Fungua meseji yoyote kibodi itokee. Bonyeza kitufe cha mkato na usikiachie, mpaka kialama cha gia kijitokeze, kisha telezesha kidole juu yake. Umeingia kwenye mipangilio ya Gboard yenyewe. Sasa fuata hivi:

1. Gusa Languages, halafu Add keyboard.
2. Tafuta Kiswahili, chagua cha Tanzania. Cha Kenya nacho kipo, hivyo soma vizuri kabla hujagusa.
3. Acha mpangilio wa QWERTY kama ulivyo.
4. Washa Multilingual typing na uweke alama kwenye Kiingereza pia, kama hukitumii kando bali unakichanganya humo humo.
5. Gusa Done, kisha acha data ikiwa imewashwa kwa dakika chache.

Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka. Ukiongeza lugha, kibodi huipakua kamusi yake baadaye kimyakimya. Ukizima data mara moja, herufi zitaandika kama kawaida lakini ule ukanda wa juu ya herufi hautakupa maneno ya Kiswahili, nawe utadhani umekosea hatua. Kama maneno hayaji, rudi kwenye intaneti, usubiri kidogo, ufungue meseji upya.

Utajua kuandika kwa pamoja kumekubali ukitazama kitufe cha nafasi: kitakuwa kimeandikwa vifupisho vya lugha zote mbili, SW na EN, badala ya jina la lugha moja. Ukiona jina la lugha moja tu na alama ya dunia pembeni, maana yake lugha zimekaa kwenye kibodi mbili tofauti, na utakuwa unabadilisha kila mara kwa kugusa hiyo dunia. Kwa mtu anayeandika "nitakucall jioni" hiyo ni adhabu.

Vipi kuhusu Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe? Palepale kwenye Add keyboard, andika jina la lugha kwenye kisanduku cha kutafutia, ukianza bila "Ki": `Nyakyusa`, `Hehe`, `Bena`. Orodha ya Gboard ni ndefu sana na huongezwa. Ikitokea, ongeza. Isipotokea, usiwe na wasiwasi, maana lugha yoyote inaandikika kwa herufi za kibodi ya Kiswahili. Kinachokusumbua ni kusahihishwa. Tuanze na hilo.

Kibodi hufanya mambo mawili ambayo watu huyachukulia kama moja. La kwanza ni kupendekeza: maneno matatu yanakaa kwenye ukanda, yanasubiri uyaguse, na usipoyagusa hayakudhuru. La pili ni kusahihisha: unapobonyeza nafasi, neno uliloandika linaondolewa na kuwekwa lingine. Hili la pili ndilo lililotuletea figo. Rudi kwenye mipangilio ya Gboard, ingia Text correction, zima Auto-correction. Ukanda wa mapendekezo uache ukiwa umewashwa. Zima pia Spell check kama mistari myekundu chini ya maneno inamkera mwenye simu. Mama mdogo ilimkera. Alisema anahisi yuko darasa la nne.

Wapo watakaokuambia usizime usahihishaji kwa sababu unasaidia wanaokosea herufi. Kwa anayeandika Kiingereza kitupu ni kweli. Kwa anayechanganya lugha tatu, ambayo mojawapo kibodi haiijui kabisa, kosa lako la herufi moja msomaji atalielewa. Neno sahihi la lugha isiyo yako ndilo litakalowapandisha watu kwenye basi la Tukuyu.

Ukitaka kubaki na usahihishaji, jua angalau hili: neno likigeuzwa, bonyeza kitufe cha kufuta papo hapo, kabla hujaandika kingine. Neno lako hurudi lilivyokuwa.

## Kamusi yako mwenyewe

Sasa tuifundishe. Kwenye mipangilio ya Gboard kuna Dictionary, ndani yake Personal dictionary. Utaona orodha ya lugha na sehemu iliyoandikwa All languages. Ingia hiyo ya lugha zote. Ukiweka neno chini ya Kiingereza, halitajitokeza unapoandika kwa Kiswahili, na hilo ni kosa ambalo mimi mwenyewe nilirudia kwa wiki nzima kwenye simu yangu nikijiuliza maneno yanakwenda wapi.

Gusa alama ya kujumlisha. Kuna nafasi mbili: ya juu ni ya neno lenyewe, ya chini ni ya kifupi, na si lazima kuijaza. Tulianza na maneno haya: *fijo*, *ndaga*, *ugonile*, *mugonile*, *Kyala*. Kisha majina ya watoto na wajukuu, halafu vijiji. Majina yetu ya Mwa- ni marefu, na hakuna kamusi itakayokumalizia jina la ukoo wako usipoiwekea mwenyewe.

Kwenye nafasi ya kifupi unaweza kuweka herufi mbili au tatu. Yeye alitaka *ndaga fijo* yote ije akiandika `ndf`. Ukiandika hivyo, maneno kamili hutokea kwenye ukanda, unayagusa. Usichague kifupi ambacho ni neno la kweli. Nilishaona mtu ameweka `na` kuwa kifupi cha namba yake ya simu, na kila sentensi ikawa inampendekezea namba.

Kuna jambo moja kuhusu lugha zetu ambalo kibodi hulishughulikia kwa shida. Kwa Kiingereza neno lina maumbo machache, kwa hiyo kamusi ya maneno inatosha. Kwetu kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendewa: *nimekutumia, nitakutumia, ulivyonitumia, hajatutumia*. Hayo yote kwa kibodi ni maneno tofauti. Ndiyo maana ukanda hukupa *nimetumia* haraka, lakini hunyamaza ukifika *atakapokutumia*. Kinyakyusa kimejengwa vilevile. Basi usiweke shina la kitenzi kwenye kamusi yako ukidhani kibodi italipachika viambishi. Haiwezi. Weka umbo zima kama unavyoliandika kwenye meseji. Njia nyepesi ni kufungua meseji zako ishirini za mwisho ulizotuma, uchukue maneno yanayojirudia kama yalivyo. Sisi tulipata thelathini na moja, tukayaingiza huku tukinywa chai.

Kibodi pia hujifunza yenyewe kadiri unavyoandika, mradi Personalized suggestions, au jina linalofanana na hilo, iwe imewashwa. Ubaya wake ni kwamba inajifunza na makosa. Ukiona neno baya linajileta kila mara, libonyeze kwenye ukanda bila kuachia, ulivute mpaka kwenye alama ya pipa la taka. *Figo* hatukulifuta, ni neno halali. Lilishuka lenyewe baada ya *fijo* kutumika mara kadhaa.

## Irabu saba kwenye kibodi ya irabu tano

Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba, na vitabu vinavyofuata tahajia ya irabu saba huandika zile mbili za ziada kwa herufi hizi, ndogo na kubwa:

```
ɨ  Ɨ
ʉ  Ʉ
```

Kwenye meseji watu wengi huandika *ugonile* na mambo yakaisha. Lakini kama wewe ni katibu wa kwaya, au unaandaa matangazo ya ibada, au unaandika hadithi za bibi, utataka *ʉgonile* na *ʉmʉndʉ* kama vilivyo. Jaribu kwanza kubonyeza `i` au `u` bila kuachia, uone kama herufi hizo zimo kwenye kile kisanduku kinachojitokeza. Zisipokuwemo, nakili kutoka hapo juu, ingia Personal dictionary, weka *ʉmʉndʉ* kwenye nafasi ya neno na `umundu` kwenye ya kifupi. Kuanzia hapo unaandika kwa herufi za kawaida na ukanda unakupa neno lenye herufi zake. Herufi yenyewe peke yake weka pia: *ʉ* kwa kifupi `uu`, *ɨ* kwa `ii`.

Kwa anayeandika kurasa na kurasa njia hiyo itamchosha. Huyo apakue Keyman, programu ya bure inayotolewa na SIL, iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya lugha zenye herufi za namna hii. Ndani yake unatafuta lugha yako kwa jina, unapakua kibodi yake, unaiwasha kwenye orodha ya kibodi za simu. Mapendekezo ya maneno hayatakuwa kama ya Gboard, na mtu wa meseji mbili kwa siku simshauri.

Ila kuna gharama iliyojificha, na hii ni kwa SMS za kawaida, si WhatsApp. SMS moja hubeba herufi 160 zikiwa zote ni zile za kawaida. Ukiingiza *ʉ* moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa kuandikwa na nafasi hushuka hadi herufi 70. Tangazo la kwaya la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu, kwa sababu ujumbe ukigawanywa kila kipande hubaki na 67. Ukituma kwa watu sitini, utalisikia kwenye bando. Hata kile kialama cha *ng'ombe* kinaweza kukufanyia hivyo hivyo kama ni cha kupinda badala ya kile kilichonyooka. Kwenye simu ndogo za vitufe za zamani herufi hizo zinaweza pia kutokea kama viboksi. Kwa hiyo mimi huwaambia: kwenye WhatsApp na karatasi, andika *ʉ*; kwenye SMS, andika *u*.

## Sikio

Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kulianza kwenye huduma ya Google mwaka 2017, na leo kunasaidia sana mtu mwenye vidole vizito. Kwenye mipangilio ya Gboard ingia Voice typing, hakikisha imewashwa, fungua Languages zake, weka alama kwenye Kiswahili cha Tanzania. Kama Kiingereza peke yake ndicho chenye alama, ukisema "habari za asubuhi" utapata maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Hivyo ndivyo unavyotambua kwamba lugha ya sikio haijapangwa hata kama kioo na kibodi ni Kiswahili.

Rudi kwenye meseji, gusa maikrofoni iliyo juu ya herufi, subiri ikuonyeshe kwamba inasikiliza, ndipo uongee. Wengi huanza kuongea kidole kikiwa bado kwenye kitufe na neno la kwanza linapotea. Sema sentensi fupi, pumua, endelea. Nukta na mkato weka kwa kidole mwishoni. Data iwe imewashwa, na mtandao uwe wa kueleweka: mama mdogo akiwa ndani ya basi kwenye milima ya kuelekea Tukuyu maikrofoni hukata katikati, akifika stendi inarudi.

Soma kabla hujatuma, hasa wale ambao *r* na *l* hupishana mdomoni. Sisi tulijaribu "watu wamekwenda kupiga kura" na mara ya kwanza ikaandikwa *kula*. Alicheka mpaka mteja wa nje akachungulia.

Kinyakyusa usikiseme kwenye maikrofoni hiyo. Haitakuambia kwamba haielewi. Itakutafutia maneno ya Kiswahili yanayokaribiana na ulichosema na kuyaandika kwa uhakika wote. Ukitaka kuongea Kinyakyusa, tumia ile maikrofoni nyingine, ya WhatsApp yenyewe, iliyo kulia kwa kisanduku cha kuandikia. Hiyo hutuma sauti yako kama ilivyo. Maikrofoni hizi mbili hukaa karibu sana kwenye kioo na watu huzichanganya: ya kibodi hugeuza sauti kuwa maandishi, ya WhatsApp hairekebishi kitu.

Kabla hajaondoka nilimpa sentensi moja ya kupima, na nakupa na wewe. Badilisha maneno yawe ya kwenu:

```
Ugonile mwanangu, nimefika stendi salama, nitakucall jioni, ndaga fijo.
```

Iandike kwa kidole mpaka mwisho bila kugusa ukanda. Ikitoka kama ulivyoiandika, usahihishaji umezimika kweli. Iandike tena ukigusa ukanda pale unapoweza: *ugonile* na *fijo* yakijileta, kamusi yako inasoma. Mwisho sema kwa sauti kipande cha Kiswahili peke yake, "nimefika stendi salama".

Yale maneno thelathini na moja tuliyaandika pia nyuma ya daftari lake la vikoba, neno upande huu na kifupi chake upande ule, maana simu ikiflashiwa au ikiibiwa Uyole kamusi inaweza kuondoka nayo. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia yamefika arobaini na sita, na kwamba jirani yake ameliazima daftari.